Tulipima, Tulipwe: Wimbo Mmoja wa Wakulima wa Tumbaku Urambo

Makofi ndiyo yaliyonionyesha kwamba wimbo wangu wa kwanza umeshindwa. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi, saa nane mchana, mbele ya ghala la tumbaku katika kijiji kimoja cha wilaya ya Urambo, mkoani Tabora. Wakulima walikuwa wamekusanyika kwa mara ya tatu kuulizia fedha za tumbaku waliyoipima tangu mwezi wa sita. Kwaya yetu ya watu 14 ilisimama chini ya mwembe ikaimba beti 5 nilizozitunga kwa uangalifu, sauti nne, vina vya kati na vina vya mwisho. Tulipomaliza walitupigia makofi ya heshima. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu mmeimba kweli," kisha watu wakarudi kwenye maongezi yao ya wawili wawili, na baada ya nusu saa uwanja ulikuwa mtupu.

Kwa miaka yote niliyofundisha kwaya, makofi yamekuwa malipo yangu. Siku ile yaliniuma. Tuliwaimbia watu waliokuja na hasira na njaa, wakakaa kimya kutusikiliza, tukawageuza watazamaji wa jambo lao wenyewe.

Niseme kwa kifupi hali ilivyokuwa. Mkulima wa tumbaku huwa amemaliza kuchuma na kukausha kwenye bani, yaani banda la kukaushia kwa moto, kabla masoko hayajafunguliwa. Anafunga marobota, anayapeleka ghalani, mteuzi anayapanga madaraja, yanapimwa, na mkulima anaondoka na karatasi ya mauzo. Fedha zinafuata baadaye kupitia chama cha msingi cha ushirika, baada ya makato ya pembejeo alizokopeshwa. Mwaka ule hazikufuata. Mnunuzi alisema jambo moja, viongozi wa chama wakasema lingine, na mwezi wa kumi ukafika, vitalu vya msimu mpya vikitaka kumwagiliwa na watoto wakitakiwa kurudi shule. Sitamtaja mnunuzi wala chama, kwa sababu ninalotaka kulieleza hapa ni wimbo, na jinsi wimbo wa pili ulivyofanya kile ambacho wa kwanza haukuweza.

Usiku ule nilisikiliza rekodi niliyokuwa nimeichukua kwa simu. Nilichukua kalamu nikaandika kila mahali niliposikia sauti isiyo ya mwanakwaya. Ubeti wa kwanza, hakuna. Wa pili, kuku na mtoto. Wa tatu, kuna mwanamume aliyejaribu kuitikia, akakosea neno, akanyamaza. Katika kiitikio cha mwisho ndipo nikasikia watu wachache wakivumisha bila maneno. Kiitikio chenyewe kilikuwa na mizani 16: "Nimelima, nimechuma, nimekausha kwa moto." Kwenye karatasi kilinipendeza sana. Lakini kilikuwa kinarudi kila baada ya sekunde 50 hivi, kwa hiyo mtu aliyefika uwanjani alikisikia mara moja, akasubiri karibu dakika nzima ndipo akisikie tena, na wakati huo nusu ya maneno yalikuwa yameshamtoka. Tena nilikuwa nimekiweka juu. Sauti ya kwanza ilipanda hadi F ya juu, mahali ambapo waimbaji wangu hufika bila shida kwa sababu wanafanya mazoezi kila Jumatano. Mama aliyeshinda shambani hafiki. Akijaribu mara moja sauti ikakatika, harudii.

Kesho yake nilikwenda kwa bibi mmoja anayeongoza kikundi cha kulima kwa zamu. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kigoda, na kabla sijaeleza shida yangu akaanza yeye.

"Mwalimu, ule wimbo wako ni mzuri. Ila hauna mlango. Mimi nikitaka kuingia, niingilie wapi?"

Nikamwomba anionyeshe wimbo wenye mlango. Akaita wajukuu wawili waliokuwa wakipepeta, akaanza wimbo wa kulimia. Yeye alitoa mstari mfupi, wao wakajibu neno lile lile, yeye akatoa mwingine, wakajibu lile lile. Mara ya tatu nilijikuta naitikia na mimi, na sikuwa nimeamua kufanya hivyo. Nilipima kwa saa ya simu: mstari wake ulichukua sekunde mbili na kidogo, jibu likachukua hivyo hivyo. Yaani ndani ya sekunde 10 mgeni anakuwa ameshalisikia jibu mara mbili, na la tatu anaweza kuliimba.

Huo ndio mlango aliousema. Nyimbo za kazi za Wanyamwezi na Wasukuma zina milango kwa sababu zilitungwa kwa ajili ya watu wanaoingia kazini mmoja mmoja, wengine wamechelewa, wengine wanapumzika kisha wanarudi. Wimbo wa kwaya unaanza na waimbaji wote na kwisha na wote. Sikuwa nimewahi kuifikiria tofauti hiyo mpaka siku ile, ingawa nyimbo za aina zote mbili nimezisikia tangu utotoni.

Maneno ya jibu yalitupa kazi ya jioni mbili. Tulikuwa watu 6: mimi, bibi, akina mama watatu na kijana mmoja anayepiga ngoma. Kijana alitaka "Haki yetu, haki yetu". Mama mmoja alikataa. Alisema haki kila mtu anaidai, hata anayetudhulumu anadai haki yake, na afisa atakayekuja atatuambia haki mtaipata halafu apande gari aondoke. Alitaka neno ambalo mtu hawezi kulijibu kwa ahadi. Tukazunguka huku na huku, mwishowe yeye mwenyewe akasema kama anayezungumza tu: "Sisi tulipima. Tulipwe."

Tuliliacha hivyo. Tulipima, tulipwe. Nililiandika kwenye daftari ndipo nikaona lilivyokaa. "Tuli" ya kwanza ni ya wakati uliopita, tu-li-pima. "Tuli" ya pili si kitu kile kile, kwa sababu "li" yake ni ya kitenzi lipa: tu-lip-we. Lakini sikio halijali sarufi, linasikia mlango mmoja unagongwa mara mbili. Aliyeshika nusu ya kwanza anakuwa ameshaianza nusu ya pili kabla hajaijua. Na maneno hayo mawili yamebeba kisa kizima: lililokwisha kufanyika, na linalodaiwa. Afisa hawezi kujibu kwamba suala linashughulikiwa, maana hakuna suala lililotajwa. Kuna kupima na kuna kulipwa.

Hapa nilifanya kosa ambalo watunzi wengi hulifanya, na linafaa kuelezwa. Niliyapanga maneno hayo kwenye mapigo manne sawasawa, silabi mbili kila pigo, na la mwisho nikaliangushia "pwe" kwa nguvu. Tulipojaribu lilisikika kama mtu mgeni anayejifunza Kiswahili. Mkazo wa neno la Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tuliPIma, tuLIpwe. Bibi alilisahihisha bila kujua jina la kosa. Alianza "tuli" mapema, juu ya mwisho wa mstari wa kiongozi, "pi" ikaangukia pigo la kwanza, "li" akaivuta kwenye pigo la tatu, "pwe" ikawa fupi, halafu pumzi. Kwa mtu anayetembea, "pi" inakuja na mguu na "li" inakuja na mguu. Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Melodi ya wimbo wa kupinga ikipigana na mkazo wa lugha, watu wataimba kwa aibu kidogo na hawatajua kwa nini.

Kuhusu melodi yenyewe kulikuwa na mvutano. Mwenzangu mmoja wa kwaya alipendekeza tuchukue pambio linalojulikana kanisani na kulibadilishia maneno. Hoja yake ilikuwa nzuri, kwa sababu pambio ni fupi, lina jibu, na nusu ya kijiji wanalijua. Tulilijaribu kwenye mazoezi ya kwanza, na nikaona jambo ambalo rekodi isingenionyesha. Akina mama wa Kiislamu walisimama pamoja nasi, wakapiga makofi, na midomo yao ikabaki imefumba. Hawakulalamika, na nilipomuuliza mmoja alisema tu, "Huo ni wa kwenu, mwalimu, tutawasindikiza." Melodi inayojulikana inakuokolea kazi ya kufundisha, lakini inakuja na nyumba yake na watu wanaijua nyumba hiyo. Tukarudi kwenye wimbo wa kulimia, kwa sababu jembe wote wamelishika. Sauti zake zilikuwa tano tu, kutoka do hadi so, na tukaishusha do hadi C ya kati ili wanaume waimbe oktava moja chini na akina mama wasipande kupita G.

Naomba nitoke Urambo kidogo, niende Charleston, katika jimbo la Karolina Kusini, Marekani. Huko pia ni habari ya tumbaku. Mwezi wa kumi mwaka 1945 wafanyakazi wa kiwanda cha sigara za majani, wengi wao wanawake weusi, waligoma, na mgomo ukaendelea hadi mwaka 1946. Kanisani walikuwa na wimbo wa zamani wenye nafsi ya kwanza umoja, mtu mmoja akishuhudia kwamba atakuwa salama, atashinda. Mwanamke mmoja miongoni mwao, Lucille Simmons, alikuwa akiuimba polepole sana kufunga siku yao ya kugoma, na katika mstari wa wagomaji nafsi ikageuka wingi. Zilphia Horton wa shule ya Highlander, Tennessee, aliupata kwao akaufundisha wengine, na mwaka 1960 Guy Carawan aliuimba na wanafunzi waliokutana Raleigh kuunda umoja wao wa kupinga ubaguzi. Dunia inaujua kwa jina la "We Shall Overcome".

Nilikumbuka historia hiyo nilipousoma upya wimbo wangu ulioshindwa: nimelima, nimechuma, nimekausha. Nilikuwa nimemweka mtu mmoja peke yake shambani. Kanisani "ni" ina nguvu, maana mtu anasimama mbele ya Mungu na dhambi zake mwenyewe. Mbele ya ofisi, "ni" inamwacha mtu na karatasi yake moja, na karatasi moja ni rahisi kupotezwa. Kiswahili kinaturahisishia mabadiliko haya kuliko lugha nyingi. "Ni" na "tu" zote ni silabi moja, zinakaa mahali pamoja mwanzoni mwa kitenzi, na melodi haisogei hata kidogo. Unaweza kuchukua karibu wimbo wowote wa toba ukaufanya wa umati kwa kubadilisha herufi mbili. Urahisi huo una gharama yake, nitaifikia.

Siku ya kutembea ilipangwa. Afisa ushirika angekuja ofisi ya kata, na wakulima wakaamua kutoka ghalani kwenda kumpokea kwa miguu, kama kilomita mbili. Mwenyekiti wa kikundi alipeleka barua ya taarifa polisi zaidi ya saa 48 kabla, kama sheria inavyotaka, na alirudi na nakala iliyogongwa muhuri. Mazoezi tuliyafanya mara tatu kwenye uwanja wa mpira. Waliokuja walitoka vitongoji vitatu ambavyo havikuwa vikiaminiana, kwa sababu kulikuwa na maneno kwamba kitongoji kimoja kimelipwa kwa siri. Mazoezi ya kwanza walisimama mafungu matatu. Ya tatu walikuwa wamechanganyika, wanapeana maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2015 matokeo yanayofanana na hayo. Walilinganisha madarasa ya watu wazima ya kuimba na madarasa ya kazi za mikono na ya uandishi. Waliokuwa wakiimba walijisikia karibu na wenzao mapema zaidi, lakini baada ya miezi 7 madarasa yote yalikuwa yamefikia ukaribu ule ule. Ninaisoma hivi: kuimba kunakuokolea muda. Kwa watu wenye miezi 7 hilo si kitu kikubwa. Sisi tulikuwa na siku 9.

Mazoezi ya pili ndiyo yaliyotuonyesha tatizo la umbali. Tuliwapanga watu wanne wanne kama watakavyokuwa barabarani, mstari ukawa na urefu wa mita 100 na ushee. Kiongozi alikuwa mbele. Wimbo ulianza vizuri, na baada ya dakika mbili ukawa uji. Mbele walikuwa wanamaliza "tulipwe" wakati nyuma ndiyo kwanza wanaianza, kila upande ukidhani mwingine umekosea na kuongeza sauti. Hakuna aliyekosea. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ya kiongozi inamfikia mtu wa mita 100 nyuma ikiwa imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Tulikuwa tukitembea mapigo 96 kwa dakika, ambapo pigo moja ni zaidi kidogo ya sekunde 0.6. Wa nyuma, hata akiimba kwa usahihi kabisa na alichokisikia, amechelewa nusu pigo. Sauti yake inaporudi mbele inachelewa tena kiasi hicho hicho, na mbele wanasikia umati ukiwa pigo zima nyuma yao. Wakimsubiri, wimbo unapungua mwendo. Wasipomsubiri, unapasuka.

Dawa yake ilikuwa kumtoa kiongozi mbele na kumweka katikati, pamoja na ngoma. Sasa mtu wa mbali kabisa yuko mita 50, amechelewa robo ya pigo, na robo ya pigo umati unaivumilia. Inasikika kama unene wa sauti. Bibi alitembea katikati. Mbele tuliweka akina mama wawili wasioongoza, kazi yao kuitikia kwa sauti kubwa wakifuata miguu na ngoma iliyo nyuma yao. Kama maandamano yangekuwa marefu zaidi ya hapo, ningeshauri viongozi wawili na nyimbo mbili, kila moja na eneo lake, kuliko kulazimisha wimbo mmoja.

Siku yenyewe walijitokeza watu kama 300. Mstari wa kiongozi ulikuwa na nafasi wazi ya kujaza kitu, na hapo ndipo utamu wa wimbo ulipokuwa. Bibi alianza na robota. "Robota la mwezi wa sita," wakajibu. "Kuni za bani tulikata," wakajibu. "Mayo, vitalu vinakauka," wakajibu. "Ada ya mtoto wa shule," na hapo jibu likawa zito, nililisikia kifuani. Watu waliokuwa madukani walitoka kutazama, wakasimama sekunde chache, na niliwaona kwa macho yangu wakiingia barabarani midomo yao ikiwa tayari imeshika "tulipima". Wengine hata si wakulima wa tumbaku. Fundi wa baiskeli alikuja na spana mkononi.

Kilomita ya pili mambo yalitaka kuharibika, na yaliharibikia kwenye mlango ule ule uliotuingizia watu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nafasi wazi ijazwe na vitu tu, bila jina la mtu. Kijana mmoja, mwenye sauti kali kuliko ya bibi, alirusha mstari wake. Ulikuwa na jina la karani wa chama na tusi. Umati ukajibu, "Tulipima, tulipwe." Wote, na mimi nikiwemo. Jibu lilinitoka kabla sijaelewa nimeitikia nini. Jibu lililorudiwa mara 200 halipiti tena kwenye akili, linakuja lenyewe kama mguu unavyokuja, na anayeshika mstari wa kiongozi anaweza kuwatia watu 300 saini chini ya neno lolote. Watu walicheka. Kijana akaongeza la pili. Nilisikia mwendo unapanda. Baadaye kwenye rekodi nilihesabu mapigo 118 kwa dakika, kutoka 96. Mwendo ukipanda hivyo wazee na wenye watoto mgongoni wanabaki nyuma, na mbele wanabaki vijana watupu. Umati uliokuwa wa kijiji unageuka wa aina nyingine bila mtu kuamua. Kicheko pamoja na mwendo unaopanda ndizo dalili mbili ninazoziangalia tangu siku hiyo.

Bibi hakumkemea kijana. Alisubiri jibu, akaingia na mstari wake kabla kijana hajavuta pumzi, na akauimba kwa mwendo wa zamani, akiivuta silabi ya mwisho. Mpiga ngoma alimfuata yeye. Majibu mawili yalikuwa ya fujo, ya tatu yakatulia. Lakini tulifika ofisi ya kata watu wakiwa wamechemka, na karani aliyetajwa alikuwa amesimama mlangoni.

Mwenyekiti alipanda ngazi, akavua kofia, akaanza "Mungu ibariki Afrika". Sikuwa nimepanga hilo naye. Watu 300 walisimama wima. Askari wawili waliokuwa wameegemea pikipiki wakasimama wima. Afisa ushirika akatoka ndani akasimama wima, na karani naye. Wimbo wa taifa una mwili wake, kila Mtanzania ameshafundishwa mikono ikae wapi, na mwendo wake haukimbiziki. Melodi hiyo Enoch Sontonga aliitunga Afrika Kusini mwaka 1897 kama wimbo wa kanisa, ikaimbwa mwaka 1912 kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1961 ikawa ya Tanganyika huru. Imeimbwa na watu wengi waliokuwa wakidai kitu. Pale ngazini ilitoa dakika mbili za watu wote kupumua kwa pamoja, na ilipokwisha hakuna aliyeweza kurudi moja kwa moja kwenye tusi. Wajumbe 6 waliingia ndani na karatasi za mauzo, waliobaki wakakaa chini ya miti.

Wimbo uliishia mlangoni. Ndani kulikuwa na hesabu: kilo, madaraja, bei, makato ya mbolea, nani amelipwa sehemu na nani hajalipwa kabisa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuimbwa, na wajumbe wasingekuwa na karatasi zao zilizopangwa kwa vitongoji, wangetoka na ahadi kama mara zote. Walitoka na tarehe iliyoandikwa na kusainiwa. Fedha zilikuja kwa mafungu mawili, la pili likichelewa. Siwezi kusema wimbo ndio ulioleta fedha. Naweza kusema kwamba mikutano mitatu ya kwanza ilivunjika ndani ya saa moja, na siku ile watu walikaa pale kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni bila kutawanyika, wakiuanza wimbo upya kila walipoona wenzao wanasimama kuondoka.

Gharama ya "tu" niliyoahidi kuieleza ilinijia nikiwa chini ya mti wakati tunasubiri. Kando yangu alikaa kijana kibarua kutoka Kasulu, mkoa wa Kigoma, aliyekuja Urambo kwa msimu kama wengi wanavyokuja kutoka kule. Alikuwa ameimba njia nzima. Alinipa machungwa, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mimi kwenye huu wimbo niko wapi? Mimi sikupima."

Ilikuwa kweli. Alilima, alichuma, alifunga mabani, alikesha na moto. Kupima anapima mwenye shamba, karatasi ya mauzo ni ya mwenye shamba, na ujira wake yeye ulikuwa unasubiri ndani ya fedha za tajiri wake. Neno tulilolipenda kwa sababu lilikuwa wazi na halina ubishi lilikuwa limemwacha nje, na yeye alikuwa ameliitikia mara mia kadhaa. "Tu" haina orodha ya majina, na kila anayeiimba anadhani imemtaja. Nilimwambia tutaongeza mstari. Bibi aliuongeza jioni ile, mstari wa aliyekesha na moto, lakini jibu lilibaki lile lile la waliopima.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa napita na baiskeli karibu na shamba la mmoja wa wakulima waliokuwa mstari wa mbele siku ile, ambaye alikuwa ameshalipwa mafungu yake yote mawili. Nilisikia ngoma ya debe, nikashuka. Vibarua 7 au 8 walikuwa wamekaa mbele ya nyumba yake, majembe yamelazwa chini. Kijana wa Kasulu ndiye alikuwa kiongozi. Mwendo ulikuwa ule ule wa bibi, mkazo umekaa ulipopaswa, na walikuwa wamebadilisha silabi moja.

"Tulilima, tulipwe."